Mashine Niliyoambiwa Ni Dhaifu

Rafiki yangu na mimi tulizaliwa nyumba zinazopakana, Ng'ambo, Unguja, na ukuta wao ulikuwa ndio ukuta wetu. Mama yake akitia kitunguu kwenye mafuta, sisi tunakohoa. Tulisoma pamoja, tukanyolewa na kinyozi mmoja, na tulipokuwa wakubwa tukafuatana Saudia. Yeye alitangulia, akapata kazi ya ufundi katika duka la kompyuta huko Jeddah, akapanga chumba Bani Malik pamoja na Wakenya wawili. Mimi nilikuja baadaye, nikaajiriwa Riyadh, kwenye jengo moja la ofisi Olaya, kazi yangu kuwasaidia wafanyakazi kompyuta zinapowagomea.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah si karibu. Kwa hiyo tulikutana kwenye gemu. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri tulivaa hedifoni, tukaingia uwanjani, watu watano: mimi, yeye, na vijana watatu wa kwetu waliotawanyika huku na kule kwenye nchi hii. Lilikuwa gemu la vikosi, watano kwa watano, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha wetu. Hakuchaguliwa. Sauti yake tu ilikuwa ya mtu anayetoa amri, na sisi tuliifuata tangu tulipokuwa tukicheza mpira wa makaratasi.

Saa zile mbili tatu za Ijumaa ndizo zilizokuwa nyumbani kwetu. Wiki nzima unaitikia kwa lugha za watu: yes sir, na'am, tayyib, yalla. Ijumaa unasikia mtu anakwambia, "Yakhe, nyuma yako, nyuma yako, utakufa kifo cha kuku!" na roho inatulia.

Kompyuta yangu niliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, mwaka wangu wa pili Riyadh. Prosesa yenye viini sita, kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita, kadi ya picha ya daraja la kati yenye gigabaiti nane zake yenyewe, skrini ya kawaida. Kasha lake lilikuwa jeusi, halina taa hata moja. Pembeni lilikwaruzika siku nilipolipandisha ngazi, nikalibandika karatasi ya gundi ya buluu kuficha mkwaruzo. Niliipenda ile mashine kama mtu anavyopenda kitu alichokihangaikia.

Mwanzoni mwa mwaka ule tukajiandikisha kwenye ligi ya mtandaoni ya watu wasiolipwa. Haikuwa kubwa, lakini kwetu ilikuwa ligi. Katika mechi ya pili picha yangu ikakwama. Mtu niliyekuwa nikimlenga akaganda, akapotea, na nilipopata macho tena nilikuwa nimeshauawa. Ikatokea tena, na tena. Tukashindwa.

Rafiki yangu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Akasubiri wenzetu watoke, tukabaki wawili kwenye laini.

"Nikwambie kitu, usikasirike?"

"Sema."

"Mashine yako imechoka, ndugu yangu. Kadi yako hiyo haiwezi tena. Ndiyo maana inakwama."

"Lakini wiki iliyopita ilikuwa nzuri."

"Gemu limesasishwa. Kila wakisasisha linataka nguvu zaidi. Mimi n'nakaa dukani kutwa, n'nawaona watu wanachonunua. Wewe umebaki peke yako na kitu kama hicho."

Asubuhi yake akanitumia picha. Alizitoa kwenye kundi moja la wapenzi wa kompyuta, mahali ambapo watu huonyeshana mashine zao. Makasha ya kioo, mabomba ya maji ya rangi, kadi kubwa kama matofali, taa zinazobadilika. Ujumbe mmoja chini ya picha zote: "Hivi ndivyo watu wanavyocheza sasa."

Nilizitazama nikiwa kwenye metro kwenda kazini. Niliona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyealikwa harusini akafika na kandambili. Nikafikiria mechi zote tulizoshindwa, nikajiuliza ni ngapi tulishindwa kwa sababu yangu, na wenzangu wakanyamaza kwa kunihurumia.

Ningeweza kuchunguza. Kazi yangu ni kuchunguza kompyuta. Lakini yeye ndiye aliyeniambia, na tangu utotoni yeye akisema mvua inakuja mimi huanua nguo.

Wiki mbili baadaye akaja na shauri. Dukani kwao kulikuwa na mteja, mtu wa mtaa wa Al-Rawdah, aliyetaka kompyuta ya kuwaanzishia watoto wake. Hakutaka kitu kikubwa. "Nitumie mimi niipeleke," alisema. "Angalau upate chochote kabla haijawa chuma chakavu. Halafu bei za kadi mpya zikishuka, nitakutafutia kitu cha maana kwa bei ya fundi."

"Na ligi?"

"Tutamwingiza yule kijana wa Dammam kwa muda. Kiti ni chako. Wewe jipange tu."

Nikaifunga kwa blanketi, nikaitia kwenye boksi, nikaipeleka kituo cha mabasi, ikaenda Jeddah kama kifurushi. Akanitumia malipo siku ya tatu. Yalikuwa madogo, lakini niliona ni haki yake: nani atatoa kikubwa kwa kitu dhaifu? Nilimshukuru. Nilimwandikia kwamba Mungu amzidishie.

Ijumaa zikaanza kupita mimi nikiwa mtazamaji. Niliingia kwa simu, nikawasikiliza wakicheza, nikacheka walipocheka. Nikawa kama mtu aliyesimama dirishani kwa jirani. Kila nikiuliza kuhusu kadi mpya, alisema, "Ngoja, bei hazijashuka." Mwezi ukaisha, akasema ngoja. Wa pili ukaisha, akasema ngoja.

Timu ilikuwa inashinda. Nahodha alikuwa anacheza kuliko alivyowahi kucheza, na wenzetu walimsifu, nami nikamsifu. Zamani alipokuwa akiongea tulisikia feni ya laptop yake ikiunguruma nyuma ya sauti, kama pikipiki inayopanda mlima. Sasa kulikuwa kimya. Nilidhani amepata hedifoni mpya.

*

Ofisini kwetu kulikuwa na dada mmoja wa Nakuru, mchambuzi wa takwimu, Mkristo aliyejua Kiarabu cha sokoni kuliko mimi niliyesoma madrasa. Alikuwa akicheza magemu ya kujenga miji, pole pole, kama mtu anayefuma. Siku moja wakati wa mapumziko ya mchana alikuwa amekaa kwenye chumba cha chai na laptop yake mwenyewe, akisubiri gemu lisasishwe, mara akaniita.

"Kuja uone. Hawa watu wanataka kunipima."

Lilikuwa dirisha dogo kutoka kwenye duka la magemu la mtandaoni tunalotumia sote. Lilimwomba ashiriki utafiti wa vifaa vya wachezaji. Nilikuwa nimeshaliona mara moja, miaka ya nyuma, nikalifunga bila kusoma. Yeye alilisoma. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu wa takwimu na sisi wengine.

"Ni hiari," alisema. "Na hawachukui jina. Wanachagua watu kwa bahati nasibu kila mwezi, wanauliza mashine yako ina nini, halafu wanatoa matokeo ya wote. Ona, kabla sijatuma wananionyesha kila kitu wanachotuma." Akashuka na kidole: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha, ukubwa wa skrini, lugha. Akabonyeza kukubali.

"Matokeo yanaonekana?" niliuliza.

"Si yako pekee. Ya watu wote. Yako wazi kwa kila mtu."

Akafungua ukurasa. Ulikuwa mkavu, mistari na asilimia tupu, hakuna picha ya taa. Sijui kwa nini nilisogeza kiti karibu. Nadhani nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi nilivyokuwa nyuma, ili niache kuisikitikia ile mashine.

"Yako ilikuwa na nini?" aliuliza. Alijua kwamba niliiuza. Nilimwambia kila kitu. Vile vipande nilivijua kama majina ya ndugu zangu.

Kwenye kumbukumbu, mstari uliokuwa na watu wengi kuliko yote ulikuwa wa gigabaiti kumi na sita, ule wa thelathini na mbili ukiufuata. Kwenye viini vya prosesa, sita ndivyo vilivyoongoza. Skrini kama yangu walikuwa nayo zaidi ya nusu ya watu. Kwenye kumbukumbu ya kadi, gigabaiti nane zilikuwa juu ya orodha.

"Hii ni mashine ya mtu wa kawaida," alisema. "Kawaida kabisa."

"Kadi yenyewe je?"

Tukafungua orodha ya kadi. Ilikuwa ndefu, na ile iliyoongoza ilikuwa na asilimia chache tu. Kadi yangu ilikuwa chini zaidi, na asilimia yake ilikuwa ndogo mno. Nikasema, "Umeona? Karibu hakuna mtu mwenye kadi hii."

"Wacha haraka, bana." Alikunja miguu kwenye kiti, akavuta karatasi. "Kila aina ya kadi ina mstari wake hapa. Ziko nyingi, kwa hivyo hakuna itakayokuwa na watu wengi. Mstari wako ukiwa mdogo haimaanishi wewe ni dhaifu, inamaanisha wenye kadi ya aina hiyo hasa si wengi. Na orodha hii imepangwa kwa wingi wa watu, haijapangwa kwa nguvu. Swali letu ni lingine. Wangapi wana nguvu kuliko wewe, wangapi wako chini?"

Akafungua ukurasa mwingine wa majaribio, unaopanga kadi kwa kasi yake. Tukaanza kugawanya: zenye nguvu kuliko yangu upande huu, dhaifu upande ule, zinazokaribiana katikati. Zile za laptop alizitenga kwa uangalifu, kwa sababu jina moja kwenye laptop halina nguvu sawa na jina hilo hilo kwenye kompyuta ya mezani. Mstari wa chini uliosema tu "Nyinginezo", ambamo kadi zenye watu wachache mno hukusanywa pamoja, aliuacha nje ya hesabu. "Hatujui ndani kuna nini," alisema. Nilimsaidia kusoma, yeye akajumlisha. Chai zetu zilipoa.

Zile kadi kubwa kama matofali, zile za kwenye picha, zilikuwepo. Ilibidi tuzitafute. Ukizijumlisha zote zilikuwa kipande chembamba tu.

"Kwa hiyo?" nilisema.

"Kwa hiyo zaidi ya nusu ya watu hawa ama wako chini yako ama mko sawa. Ulikuwa katikati, tena upande wa juu kidogo." Akaweka kalamu. "Nani alikwambia mashine yako ni mbovu?"

Nikamwonyesha zile picha kwenye simu. Alizipitia moja moja, kisha akacheka, si kwa dharau.

"Hawa walijitokeza wenyewe. Mtu mwenye gari bovu hapeleki kwenye maonyesho ya magari. Ukitaka kujua watu wanaendesha nini, unasimama barabarani unahesabu yanayopita."

Halafu, kwa sababu ni mtu mwaminifu na takwimu zake, akanionya nisishangilie. Utafiti ule unahesabu kila mtu, alisema, hata mwenye laptop ya ofisini anayecheza karata. Kuwa wa kawaida humo hakuthibitishi kwamba gemu lako litakwenda vizuri. Nenda kasome gemu lenyewe linataka nini. Nikasoma hapo hapo. Mashine yangu ilikuwa juu ya kile walichopendekeza, mbali kabisa na kile cha chini walichokubali.

"Basi kule kukwama kulitoka wapi?" niliuliza, ingawa nilipokuwa nauliza nilishaanza kulijua jibu. Picha yangu haikuwa ikienda kwa kuchechemea, kama kadi inapolemewa. Iliganda, kisha ikaruka mbele. Mtandao ndio unaofanya hivyo. Mwezi ule wapangaji wapya walijaa jengo letu, na jioni hata simu ya video kwa mama ilikuwa ikikatika. Mtu akinipigia kazini akanielezea dalili zile, ningemwambia mtandao kabla hajamaliza sentensi.

Na fundi wa kompyuta wa Jeddah naye angemwambia hivyo hivyo.

Hilo nilililaza pembeni. Nilijiambia amekosea. Watu hukosea. Nilijiambia hivyo nikipanda metro, nikashuka nikijiambia hivyo hivyo.

*

Nilikuwa nimepanga kwenda umra mwisho wa mwezi ule. Nikamwandikia kwamba nikitoka Makka nitapita kwake Jeddah, nilale usiku mmoja kabla ya ndege. Siku zote alikuwa akinililia nije. Safari hii akajibu kwamba atakuwa kazini, chumba kimejaa, afadhali tuonane mkahawani. Nikasema sawa.

Nilipofika Jeddah ilikuwa Jumamosi mchana, kichwa changu kimenyolewa, jua linakigonga moja kwa moja. Simu yake haikupokelewa. Nilikuwa na begi na chupa ya zamzam niliyomchukulia, na Bani Malik naijua, kwa hiyo nikachukua teksi ya kuchangia, nikaenda kumwachia nyumbani. Sikwenda kumvizia. Naapa sikwenda kumvizia.

Mlango ulifunguliwa na mmoja wa Wakenya anaokaa naye, dereva, kijana wa Kilifi. Alinikumbatia. "Karibu, hajj! Mwenzio ametoka mara moja, amekwenda kununua mkate. Ingia, ingia."

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu. Kwenye pembe yake rafiki yangu, juu ya meza, ilikuwako skrini inayowaka na gemu letu limesimamishwa katikati. Chini ya meza kulikuwa na kasha jeusi lisilo na taa. Pembeni mwake ilikuwako karatasi ya buluu.

Nilikaa kwenye ncha ya kitanda. Kijana wa Kilifi alinipa maji, akaniambia habari za mzigo aliopeleka Taif, nami nikaitikia. Laptop ya rafiki yangu, ile ya feni, ilikuwa juu ya kabati imefungwa, na juu yake pakiti ya tende.

Alipoingia na mikate mkononi alisimama. Alinitazama mimi, hakuitazama meza. Mtu asiye na kosa angeitazama meza.

"Yakhe," alisema. "Umekuja."

"Nimekuletea zamzam."

Kijana wa Kilifi hakuwa mjinga. Akasema anakwenda kuangalia gari, akatoka.

"Yule mtu wa Al-Rawdah," nilisema. "Yule mwenye watoto."

"Alighairi."

"Lini?"

Akaiweka mikate juu ya kitanda, akaitengeneza, akaitengeneza tena.

"Hakukuwa na mtu wa Al-Rawdah," alisema.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi njiani, iwapo ingebidi. Yote yaliniponyoka. Nikamwambia tu kwamba nimeuona utafiti wa vifaa vya wachezaji, nimejumlisha orodha nzima ya kadi, na mashine yangu ilikuwa ya kawaida.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua kuwa ni ya kawaida." Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. "Mimi waliniuliza kabla yako. Lile dirisha lilinijia mwaka jana, niko dukani, wateja wamenizunguka. Nikakubali. Halafu nikaingia kwenye matokeo nitafute kadi ya laptop yangu. Nikashuka, nikashuka, hadi mwisho. Haimo. Iko kwenye zile Nyinginezo. Hata mstari wake haina." Alicheka kidogo. "Nahodha. Fundi wa kompyuta. Siwauzii watu kadi kutwa nzima? Jioni narudi nyumbani nacheza na kitu ambacho hakihesabiki."

"Ndipo ukatafuta yangu."

"Ndipo nikatafuta yako."

Kwa hiyo aliusoma utafiti ule ule, kwa macho yale yale ya fundi. Alijua niko wapi na yeye yuko wapi. Kisha akachukua alichokiona kuhusu yeye mwenyewe, akanivisha mimi. Zile picha za kioo na taa alizichagua akijua kwamba watu wale si watu wa kawaida. Kule kuganda kwa picha alijua ni mtandao. Nilipomuuliza hilo, alitikisa kichwa kukubali, macho yakiwa chini.

"Ungeniomba," nilisema. "Ungesema laptop yako imekufa, nikopeshe. Ningekutumia kesho yake."

"Najua."

"Ningekupa moja kwa moja."

"Najua! Hilo ndilo lilikuwa linanichoma." Sasa alipandisha sauti. "Wewe hutoa tu. Tangu tuko skuli. Mimi ndiye natangulia, mimi ndiye najua, halafu kila siku nikikwama wewe ndiye unatoa. Nilitaka mara moja iwe mimi ndiye niliyekununulia kitu, nimekufanyia hisani. Na nilikulipa, au sikukulipa?"

"Ulinilipa bei ya mashine dhaifu."

Nilichokuwa nahisi hakikuwa hasira, ingawa baadaye ilikuja, ikanikalia wiki nzima. Ulikuwa uchungu. Nilizikumbuka zile Ijumaa, mimi na simu mkononi nikiwasikiliza wanavyocheka, nikimsifu kwa risasi alizopiga kwa kadi yangu. Aliisikia sauti yangu ikimsifu. Angeweza kunyamaza angalau. Yeye akaitikia, "Ahsante, yakhe."

Akasema niichukue. Alianza kuchomoa nyaya, akaangusha kipaza sauti. Nikamwambia aache. Ile mashine nilikuwa nimeshaiuza, kwa ubaya au kwa uzuri, na sikuona jinsi ya kupanda nayo ndege na kuiweka tena mezani kwangu na kuitazama kila siku. Nikamwachia na zamzam. Nikashuka ngazi. Aliniita kutoka juu, jina langu la utotoni, lile wanalolijua watu wa mtaani kwetu tu, na nilitembea haraka zaidi.

*

Wale wengine hawajui. Nilijitoa kwenye kundi na kuwaambia kazi imekuwa nyingi. Nadhani mpaka leo wanaamini kwamba sikumudu kupata mashine mpya nikaona haya. Nimewaachia waamini hivyo, na sijui kama ni wema wangu au ni kiburi, kwa sababu ukweli ungenilazimu kusema kwa mdomo wangu kwamba rafiki yangu wa damu alinidanganya, na mimi, mtu wa kompyuta, nikameza.

Nimejiunganishia nyingine. Nilipokuwa nachagua vipande niliurudia ule ukurasa wa asilimia, nikachagua karibu na katikati, pale walipo watu wengi, kwa sababu ndipo watengenezaji wa magemu nao wanapotazama. Kadi ni mpya kidogo kuliko ile ya kwanza. Inatosha. Mtandao nimeuhamisha kwa kampuni nyingine, na picha haijaganda tena. Dada wa Nakuru amenifundisha gemu lake la kujenga miji. Ni zuri, halina mtu wa kukwambia, nyuma yako.

Rafiki yangu aliniandikia mara nyingi. Mwanzo maombi ya msamaha, kisha habari za kawaida, kisha picha ya paka wa dukani kwao. Nilijibu ile ya kwanza: nimekusamehe kwa Mungu. Ni kweli nimemsamehe. Nyingine sijazijibu. Watu hudhani kusamehe na kurudi ni kitu kimoja.

Mwezi uliopita mama yake alimletea mama yangu simu uani kwetu, kama wafanyavyo, wakanipigia wote wawili. Nikaona nyuso mbili zimebanana kwenye kioo, nyuma yao mwanga wa ua wetu.

"Mwanangu," mama yake aliniambia, "yule mwenzio kakonda. Mwambie ale. Mimi hanisikii, lakini wewe atakusikia."

"Inshallah, mama."

"Mnaonana lakini? Maana nikimuuliza habari zako anasema tu mzima, mzima."

Mama yangu alikuwa ananitazama kwa jicho lake lile la kunipima, jicho ambalo halikubali kudanganywa lakini hukubali kunyamaza.

"Jeddah mbali, mama," nilisema.

"Aa, mbali," alisema mama yake, akageuka kumwambia mama yangu kwamba anarudi kwake, wali unaungua, na nikasikia kandambili zake zikikimbia.